Uchanganuzi wa Makosa: Mtelezo, Kosa Halisi na Kosa Sugu

Mwalimu anayesahihisha insha hushawishika kuyahesabu makosa kabla ya kuyasoma. Hupitisha kalamu nyekundu, huandika umbo sahihi juu ya kila kosa, kisha hutoa alama. Mwanafunzi naye hutazama alama, hufunga daftari, na wiki mbili baadaye huandika kosa lile lile. Katika sehemu hii tutaonyesha njia nyingine ya kuisoma insha. Tutachukua kosa moja tu, ambalo kila mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hulikuta, na tutaeleza jinsi umbo moja la kosa linavyoweza kuwa na asili tatu tofauti, na kwa nini kila asili yadai tiba yake.

Kosa lenyewe ni hili: *Mbwa yetu inalala mlangoni.* Kiswahili sanifu kinataka *Mbwa wetu analala mlangoni.*

Kwanza tutazame istilahi tutakazozitumia. Katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu umuhimu wa makosa ya wanafunzi, mwanaisimu Mwingereza Pit Corder aliyagawa makosa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la makosa yanayotokana na uchovu, haraka au kusahau. Mwanafunzi anaijua kanuni lakini ulimi au kalamu imempita. Hili tutaliita mtelezo. Hata sisi tuliozaliwa na lugha huteleza. Kundi la pili ni la makosa yanayotokana na kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea mwenyewe, nayo haifanani na kanuni ya lugha anayojifunza. Hili ndilo kosa halisi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Larry Selinker aliongeza jambo la tatu: kuna makosa yanayoganda katika lugha ya mwanafunzi na kubaki humo hata baada ya mafunzo na mazoezi mengi, na hurudi hasa pale mwanafunzi anaposahau kujichunga. Hilo tutaliita kosa sugu.

Ukiisoma migawanyo hii vitabuni utadhani ni rahisi kuitumia. Ugumu huanza pale unapokuwa na daftari mkononi, kwa sababu makosa hayaandikwi na majina yake.

Tuchukue insha tatu za darasa la mwaka wa pili wa sekondari jijini Kigali, kichwa chake "Mnyama wa Nyumbani Kwetu". Insha hizi tumezitunga kwa ajili ya maelezo haya, lakini sura zake ni za insha tunazozikuta kila muhula.

Mwanafunzi wa kwanza ameandika: *Ng'ombe wetu anaitwa Gaju. Anakula nyasi asubuhi na jioni. Juzi ng'ombe wa mwenye nyumba ile kubwa ilivunja ua wetu, lakini Gaju hakutoka.*

Mwanafunzi wa pili ameandika: *Mbwa yetu inaitwa Simba. Inalala mlangoni. Ikiona mgeni inabweka. Kuku zinaiogopa. Mnyama huyu ninampenda sana kwa sababu analinda mahari petu.*

Mwanafunzi wa tatu, aliyelelewa Biryogo, ameandika: *Mbwa wetu anaitwa Simba, na ukali wake si wa kawaida. Anapomwona mgeni hubweka mpaka majirani wakatoka nje. Lakini ikishamzoea mtu inatulia kabisa, utadhani si mbwa ile ya jana.*

Wote watatu wametumia upatanisho wa I-ZI kwa mnyama. Mwalimu anayehesabu makosa atasema kwamba wa pili ni dhaifu kuliko wenziwe, na kwamba wa kwanza na wa tatu wanakaribiana. Hukumu hiyo ina kasoro, kama tutakavyoona.

Tuanze na wa pili, kwa kuwa kosa lake ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Jambo la kwanza la kutazama ni uthabiti. *Yetu, inaitwa, inalala, ikiona, inabweka, zinaiogopa*: hakuna hata mahali pamoja alipoyumba. Mtu anayeteleza hatelezi kwa nidhamu kiasi hicho. Jambo la pili ni kwamba alipofika kwenye neno *mnyama* aliandika *huyu, ninampenda, analinda*, yote sawasawa. Basi mwanafunzi huyu anaujua upatanisho wa A-WA. Asichokijua ni wapi unatumika. Kanuni aliyojijengea ni hii: tazama mwanzo wa nomino, ikianza na *m-* ya kiumbe, tumia *a-*, ikiwa haina kiambishi kinachoonekana, tumia *i-* na *zi-*.

Kanuni hiyo ameitoa wapi? Ameitoa nyumbani. Katika Kinyarwanda kitenzi hufuata kiambishi cha nomino, mnyama awe mnyama, kitu kiwe kitu. Husemwa *Umwana ararwaye*, mtoto anaumwa, kwa *a-*. Lakini husemwa *Inka irarwaye*, ng'ombe anaumwa, kwa *i-*, na wakiwa wengi *Inka zirarwaye*. Kipepeo huitwa *ikinyugunyugu*, nacho huchukua upatanisho wa *ki-* kama kitabu, *igitabo*. Kinyarwanda huangalia sura ya neno. Kiswahili sanifu nacho huangalia sura ya neno katika ngeli nyingi, ila kinapofika kwa watu na wanyama huacha sura na kutazama maana: *ng'ombe anaumwa, kipepeo anaruka, kifaru amelala, waziri amefika, kiongozi amesema*. Lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu, na undugu huo ndio unaomponza mwanafunzi. Mahali pengi akifuata Kinyarwanda anapata. Hana sababu ya kushuku kwamba hapa atakosa.

Pana chanzo cha pili, nacho kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tangu miezi ya kwanza mwanafunzi amesikia *baba yangu, rafiki yangu, ndugu zangu*, na maumbo hayo ni sahihi. Akiona *rafiki yangu* ni sawa, kwa nini *mbwa yangu* isiwe sawa? Haoni kwamba katika *rafiki yangu amefika* kimilikishi kinafuata I-ZI huku kitenzi kikifuata A-WA. Kwa hiyo tunapomkuta mwanafunzi anayeandika *mbuzi yangu amepotea*, tusimhesabu pamoja na huyu wa *mbuzi yangu imepotea*. Yule wa *amepotea* amekwisha kuvuka sehemu ngumu, na kilichobaki kwake ni kimilikishi tu. Tena tusiwe wepesi wa kukata *ng'ombe zangu* au *kuku zetu* kwa kalamu nyekundu. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili fasaha husema hivyo katika wingi, na mwalimu anayelifuta umbo hilo hujikuta akiwasahihisha watu wa pwani.

Ili kuthibitisha kwamba hili ni kosa halisi, tunampa mwanafunzi jaribio dogo. Hatumwekei mstari chini ya neno *inalala*, kwa kuwa tukifanya hivyo tumekwisha kumwambia kosa lilipo. Tunaweka alama pembeni mwa sentensi nzima na kumwambia, "Humu mna jambo, litafute." Mwenye kosa halisi mara nyingi atabadilisha kisichohusika: atageuza *mlangoni* kuwa *kwenye mlango*, au ataongeza nukta. Hauoni upungufu kwa sababu kwa kanuni yake upungufu haupo. Kisha tunamwuliza kuhusu wanyama ambao hawamo katika insha: *simba, samaki, nyuki, kipepeo, kifaru, kinyonga*. Akisema *kipepeo kinaruka* na *nyuki inauma*, tumeona kanuni yake yote. Akisema *simba ananguruma, nyuki anauma*, lakini *kipepeo kinaruka*, basi amekwisha kukariri orodha ya majina fulani bila kuipata kanuni, na tunajua somo lianzie wapi.

Sasa turudi kwa wa kwanza. Ana kosa moja tu, *ilivunja*, na ukiitazama sentensi utaona kilichomtelezesha. Kati ya *ng'ombe* na kitenzi chake ameingiza *wa mwenye nyumba ile kubwa*. Alipofika kwenye kitenzi, neno lililokuwa karibu na kalamu yake lilikuwa *nyumba*, na kitenzi kikapatana na jirani badala ya mwenyewe. Huu ni mtelezo wa kawaida kabisa. Magazetini hutokea pia. Mwekee alama pembeni, naye ataliona na kulirekebisha kabla hujafika dawati la pili. Hahitaji somo la ngeli. Kama tuna la kumwambia, ni kwamba azisome upya sentensi zake ndefu na kuuliza kila kitenzi mwenyewe ni nani.

Wa tatu ndiye anayewababaisha walimu wengi, nasi pia alitubabaisha miaka yetu ya mwanzo. Ana msamiati kuliko wenziwe, anatumia *hu-* ya mazoea bila kusita, na sentensi yake ina mwendo wa mtu anayeota kwa Kiswahili. Mwekee alama pembeni, naye atafanya kama yule wa kwanza: atacheka kidogo, atafuta *ikishamzoea* na kuandika *akishamzoea*, ataigeuza *ile* kuwa *yule*. Kwa jaribio la kujisahihisha, wa kwanza na wa tatu hawatofautiani. Ndiyo maana jaribio hilo, ambalo vitabu vingi hulipendekeza kama kipimo cha kutosha, halitoshi. Linatenganisha kosa halisi na yale mengine mawili, lakini halitenganishi mtelezo na kosa sugu.

Kinachoyatenganisha ni mambo mawili: muda na mazungumzo. Kwa upande wa muda, mwalimu anahitaji kumbukumbu. Tunapendekeza daftari dogo lenye ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi, ambamo unanakili sentensi yenye kosa jinsi ilivyo, pamoja na tarehe. Usinakili kila kosa. Mawili au matatu kwa insha yatosha. Baada ya insha tatu au nne, mtelezo wa mwanafunzi wa kwanza hautajirudia mahali pale pale, utahama: leo upatanisho, kesho herufi iliyosahauliwa. Kosa la wa tatu litarudi pale pale, ingawa lilisahihishwa na yeye mwenyewe akalikubali. Utagundua pia kwamba hurudi kuelekea mwisho wa insha, au pale hadithi inapomnogea. Hata katika insha yake hii, aya yake imeanza na *anaitwa* na kumalizika na *inatulia*, na hapana nyumba wala kitu chochote kilichoingia kati kumpoteza.

Kwa upande wa mazungumzo, mwombe akusimulie mbwa huyo alifanya nini mgeni alipokuja. Usimwambie kwamba unapima sarufi. Wa kwanza atasema *alibweka, akamfukuza*. Wa tatu atasema *ilibweka, ikamfukuza*, mwanzo hadi mwisho, kwa ulaini ambao wa pili hawezi kuufikia. Hicho ndicho Kiswahili alichokulia. Kiswahili cha Nyamirambo na Biryogo, kama kile cha Goma na Bukavu, na kama kile cha miji mingi ya bara la Kenya, huwapatanisha wanyama kwa I-ZI bila ya mtu yeyote kushangaa. Hajakosea kanuni, anafuata kanuni ya lahaja yake, na kanuni ya shule ameivaa juu yake kama sare. Akichoka, sare inalegea.

Je, tufundishe nini kwanza? Swali hili lina uzito kwa sababu vipindi ni vichache, na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, matarajio juu ya vipindi hivyo yameongezeka. Walimu wengine watasema tuanze na kosa linaloharibu maana. Tukifuata kigezo hicho peke yake, *mbwa inalala* litangoja sana, kwa kuwa hakuna asiyelielewa. Badala yake tungelishika neno lile la mwanafunzi wa pili, *mahari*, alipokusudia *mahali*. Katika Kinyarwanda tofauti ya *l* na *r* haitenganishi maneno, na hivyo mwanafunzi haisikii. Lakini katika Kiswahili *mahari* ni mali anayotoa mume kwa ajili ya ndoa. Pia *kula* si *kura*.

Hata hivyo, sisi tungeanza na upatanisho wa wanyama, na sababu yetu ni hii. Tofauti ya *l* na *r* haina kanuni ya kufundisha. Hujifunzwa neno kwa neno, kwa kusikia na kuona, na muktadha mara nyingi humwokoa msomaji; hakuna aliyedhani kwamba mbwa Simba alikuwa akilinda mali ya ndoa. Kazi hiyo ifanywe kidogo kidogo, jozi moja au mbili mwanzoni mwa kipindi, mwaka mzima. Upatanisho wa wanyama, kwa upande mwingine, ni kanuni moja inayotawala kiambishi cha kitenzi, kiambishi cha yambwa, kivumishi, kionyeshi na kirejeshi. Mwanafunzi akiipata, insha yake nzima hubadilika: *Kuku zinaiogopa* inakuwa *Kuku wanamwogopa*, na marekebisho mawili yametoka katika kanuni moja. Kwa kosa halisi, basi, tunatazama kanuni moja itatengeneza sentensi ngapi. Kigezo cha maana tunakitumia pale makosa mawili yanapolingana katika hilo.

Somo lenyewe tungelianza kwa kuandika ubaoni *Inka irarwaye* na chini yake *Ng'ombe anaumwa*, kisha *Ikinyugunyugu* na chini yake *Kipepeo*, na kuwaacha wanafunzi waseme wenyewe wanaona nini. Kanuni iliyogunduliwa hivyo hukaa kuliko iliyosomwa. Katika kuieleza, tahadhari na maneno "viumbe hai" yaliyomo katika vitabu vingi. Mti una uhai, lakini tunasema *mti umeanguka*. Ng'ombe aliyekufa hana uhai, lakini tunasema *ng'ombe amekufa*. Samaki aliyemo kwenye sahani bado ni *samaki amekaangwa vizuri*. Ni afadhali kusema "watu na wanyama", na kueleza kwamba ndege, samaki na wadudu wamo, na malaika na shetani pia wamo.

Usifundishe viambishi vyote siku moja. Anza na kiambishi cha kitenzi, *a-* na *wa-*, mpaka kizoeleke. Ndipo uje kwenye kionyeshi na kivumishi, *ng'ombe huyu mkubwa*. Kisha kiambishi cha yambwa, *ninamwona*. Vimilikishi viache mwisho. Huko ndiko kwenye *rafiki yangu* na *ng'ombe zangu*, na mwanafunzi anayekutana na vighairi kabla ya kanuni hubaki na vighairi peke yake.

Mwanafunzi wa tatu asikalishwe katika somo hilo kana kwamba hajui. Atalala, au atakuwa anawajibia wenziwe. Tiba yake ni ya kumfanya ajisikie mwenyewe. Mrekodi kwa simu yako akisimulia kwa dakika mbili, kisha mpe aandike alichosema neno kwa neno na apige mstari chini ya kila kiambishi cha mnyama. Mwanafunzi wa aina hii mara nyingi hushangaa, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba amesema *a-*. Rudia zoezi hilo kila baada ya wiki tatu hivi, umbo moja tu kwa wakati mmoja, na ulinganishe rekodi. Usitarajie kosa liishe. Likipungua katika maandishi na katika mazungumzo rasmi, umefanya kazi kubwa. Wala usimwambie kwamba Kiswahili cha kwao ni kibovu. Akimwambia bibi yake *mbwa analala* hakosei, lakini akimwambia *mbwa inalala* huko nyumbani pia hakosei. Anachojifunza ni kubadilisha anapoingia darasani.

Pana mwanafunzi wa nne ambaye hatujamtaja kwa sababu insha yake haina kosa hata moja la aina hii. Ukiisoma tena utaona kwamba hakuandika *mbwa* wala *ng'ombe* popote isipokuwa mara moja. Kila mahali ameandika *mnyama wetu, mnyama huyu, mnyama yule*. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alitahadharisha kwamba uchanganuzi wa makosa hauwaoni wanafunzi wa namna hii, kwa kuwa hukwepa umbo wasilolimudu. Mwulize kwa mdomo kuhusu kipepeo kabla ya kumwekea alama zote.

Baada ya wiki mbili, toa insha yenye kichwa kisichohusu wanyama moja kwa moja, kwa mfano safari ya sokoni Kimironko, ambamo mbuzi na kuku watajitokeza wenyewe. Usitaje ngeli. Hapo utaona kanuni imekaa au imekaririwa tu kwa ajili ya somo. Na ukikuta mwanafunzi wa pili ameandika *Basi amefika* au *Nyama anapikwa*, usikate tamaa wala usimpunguzie alama nyingi. Juzi alikuwa akitazama mwanzo wa neno; leo ameanza kutazama maana, ila mpaka wake ameuweka mbali mno. Basi linatembea, na nyama ilikuwa ng'ombe. Mweleze mpaka huo kwa mifano miwili mitatu, na uandike sentensi zake katika ule ukurasa wake pamoja na tarehe.